Fomu ikija tupu, usiseme "tumepokea"

*"Wakuu, kwenye fomu ya mawasiliano ya tovuti yangu watu wengine wanatuma tupu kabisa, wengine jina tu. Nataka majibu ya moja kwa moja yasome vizuri hata jina likikosekana, mfano 'Asante mpendwa mteja, tumepokea ujumbe wako, tutakujibu ndani ya saa 24.' Je, lugha iwe rasmi au ya kirafiki? Niweke nembo? Na yatoke papo hapo au baada ya dakika chache?"*

Mkuu, futa hilo "mpendwa mteja" leo hii. Niliandika maneno hayohayo kwa sababu hiyohiyo, na yakanipotezea mteja.

Alikuwa fundi wa mashine za kufulia. Fomu yake ilikuwa na jina, barua pepe, maelezo ya tatizo na sehemu ya kuambatisha picha. Baada ya wiki moja nikaona kwenye orodha ya fomu zilizoingia kwamba baadhi ni tupu, jina halipo, barua pepe haipo, hakuna kitu. Nikaangalia ukurasa wanaouona watu hao: "Asante , tumepokea ujumbe wako." Koma inaelea peke yake kwa sababu jina halikuwepo. Nikaona hiyo koma ndiyo kasoro. Nikaweka sharti kwamba jina likikosekana pasomeke "mpendwa mteja". Sentensi ikanyooka, nikafunga kazi.

Ile koma ndiyo ilikuwa dalili pekee kwamba kuna kitu kimeharibika, nami nikaipaka rangi.

Wiki ya sita mama mmoja akampigia fundi simu. Amesubiri siku tisa. Fundi anamwambia hana ujumbe wake, mama anatuma picha ya skrini: "Asante mpendwa mteja, tumepokea ujumbe wako, tutakujibu ndani ya saa 24." Alikuwa ameandika aya mbili nzima na kuambatisha picha tatu za mashine. Hakutuma fomu tupu hata kidogo. Sisi ndio tuliopokea tupu.

Sababu ni hii, na kama unatumia PHP inakuhusu. Kuna kikomo kinaitwa `post_max_size`, na kwa kawaida kinakuja kikiwa `8M`. Mzigo mzima wa fomu, maandishi na picha kwa pamoja, ukizidi hapo, PHP haikati picha ikaacha maandishi. `$_POST` na `$_FILES` vyote vinakuwa tupu, na programu yako inaendelea kukimbia kana kwamba mtu hakujaza chochote. Picha tatu za simu za siku hizi zinavuka kikomo hicho bila shida. Mimi nilikuwa nimeandika `$_POST['jina'] ?? ''`, kwa hiyo hata onyo la jina kukosekana halikutokea. Nilipofungua logi ya makosa ya seva nikakuta mstari huu, umejirudia mara 17:

```
POST Content-Length of 11870214 bytes exceeds the limit of 8388608 bytes
```

Ona sasa ni nani waliopotea. Aliyeandika "mashine haizunguki" bila picha alifika salama. Aliyejipa shida ya kueleza vizuri na kupiga picha ndiye aliyetupwa, tena akashukuriwa. Laiti ukurasa ungesema "hatujapata kitu", angejaribu tena au angepiga simu siku hiyohiyo. Neno "tumepokea" ndilo lililomkalisha siku tisa, na ndilo lililomfanya fundi atafute mtu mwingine wa kumshughulikia tovuti.

Na bado nina hasira na yule mwalimu wa kozi niliyoilipia, aliyekuwa akirudia kila somo kwamba mgeni asione kosa kamwe, kwamba kila fomu iishie kwenye ukurasa wa shukrani kwa sababu makosa yanafukuza wateja. Aliyefukuza wateja ni huo ukurasa wa shukrani. Kama nawe umejifunza hivyo mahali fulani, achana nako.

Kanuni yangu ni moja: kiri kile tu ulichokwisha kukihifadhi. Neno "tumepokea" litoke baada ya ujumbe kuandikwa kwenye hifadhidata, na kama hakuna ujumbe, lisitoke.

Kwa fomu iliyofika tupu, anza na kutofautisha mtu ambaye hakujaza na mtu ambaye mzigo wake umetupwa:

```php
$urefu = (int) ($_SERVER['CONTENT_LENGTH'] ?? 0);
if ($_SERVER['REQUEST_METHOD'] === 'POST'
    && !$_POST && $urefu > 0) {
    // mzigo ulikuja, PHP haikuusoma
}
```

(Kama fomu yako inatuma JSON, `$_POST` huwa tupu siku zote, hivyo kipimo hiki hakikufai, linganisha `$urefu` na kikomo chenyewe.) Akiangukia humo, mwambie: "Ujumbe wako haujatufika. Huenda picha ni kubwa mno. Rudi nyuma, punguza picha, kisha tuma tena, au tupigie simu," na namba iwe hapohapo. Ongeza kikomo ukitaka, ila usiondoe kipimo, kwa sababu atakuja mtu na video.

Aliyetuma jina tu ni habari nyingine. Kwanza, barua pepe ya kumjibu itakwenda wapi? Jina halina anwani. Jibu lake ni ukurasa uleule aliopo: mrudishie fomu, jina lake likiwa bado limejazwa, na maandishi haya juu ya kisanduku kilichokosekana: "Juma, jina lako limefika, lakini ujumbe haujatufika. Andika unachohitaji, na barua pepe au simu tutakayokujibu." Seva irudishe hali ya `422`, si `200`, ili hata takwimu zako zisimhesabu kama ujumbe ulioingia. Usitegemee `required` ya kivinjari pekee, maana nafasi tupu moja inaipita. Pitisha kila kisanduku kwenye `trim()` kwenye seva.

Angalia maneno yenyewe. Usiandike "hukuandika ujumbe". Huna uhakika huo. "Haujatufika" ni kweli awe hakuandika au awe ameandika ukapotea njiani. Na unaweza kupotea kwa kitu kidogo sana: kisanduku cha ujumbe kikiwa na `id` bila `name`, kivinjari hakikitumi kabisa, na kila mtu atakuja na jina tu. Ukiona majina matupu yameanza kumiminika siku ileile uliyobadilisha muundo wa ukurasa, usiwalaumu watu. Fungua zana za kivinjari, sehemu ya Network, tuma fomu, uangalie kama ujumbe umo kwenye Payload.

Hiyo ya saa 24 nayo iache kwa wote hawa. Huna cha kujibu, unaahidi nini?

Leo, kabla hujagusa lugha, jaza fomu yako kikamilifu, ambatisha faili la MB 20 na utume. Ukikaribishwa na "Asante", nenda kwenye logi ukatafute maneno `exceeds the limit`, uhesabu mwenyewe kabla mteja wako hajakuonyesha.