Kaka anasema ni ya kufuatilia tu: hati ya uwakilishi inampa nini hasa?

Swali: Wakili, habari za kazi. Kiwanja kiko kwa jina langu na mimi naishi mbali. Kaka ameniletea hati ya uwakilishi nisaini, anasema ni ya kufuatilia hatimiliki tu. Ndani nimekuta maneno "kuuza, kuweka rehani, kupokea fedha" na mwishoni "haitabatilishwa". Nikisaini namkabidhi nini?

Jibu: Unamkabidhi kiwanja chenyewe. Aliyokuambia kwa mdomo hayamo kwenye karatasi, na mnunuzi au benki wataisoma karatasi. Hata kichwa cha hati kikisema "kufuatilia hatimiliki", kinachopimwa zaidi ni ile sehemu inayoanza na "namteua na kumpa mamlaka ya...". Chukua kalamu, upigie mstari kila kitenzi kilicho baada ya maneno hayo. Kila kitenzi ni mamlaka inayojitegemea.

"Kuuza" kunamwezesha kusaini mkataba na hati ya uhamisho kwa niaba yako, kwa bei atakayokubali yeye, maana hati haikutaja bei ya chini. "Kupokea fedha" ndiko watu wengi hukupita haraka. Mnunuzi akishamlipa kaka na kupewa risiti, kwa kawaida anahesabiwa kuwa amekulipa wewe. Fedha zisipokufikia, utamdai kaka. Huwezi kumrudia mnunuzi ukitaka alipe mara ya pili.

Rehani ni hatari kwa namna nyingine, kwa sababu haina kelele. Kiwanja kinabaki kwa jina lako, huku kikiwa dhamana ya mkopo. Angalia mkopo wa nani. Ikiandikwa "kwa deni langu", mipaka ipo. Ikiandikwa "kwa deni la mtu yeyote", kaka anaweza kukopa yeye, akashindwa kulipa, na kiwanja chako kikapigwa mnada.

Ule msemo wa "na kufanya jambo lolote lingine" huwatisha watu kuliko unavyostahili. Kwa kawaida mahakama huzisoma hati hizi kwa kubana: maneno ya jumla hufuata mamlaka yaliyotajwa, hayaongezi mapya. Hati ya kufuatilia hatimiliki peke yake haigeuki kuwa ya kuuza kwa sababu ya msemo huo. Ila kwenye hati yako kuuza kumetajwa waziwazi, kwa hiyo kinga hiyo haikusaidii.

Tuje kwenye "haitabatilishwa". Neno hilo peke yake kwa kawaida halikufungi. Linapata nguvu pale mamlaka yalipotolewa kulinda haki ya huyo anayepewa, kwa mfano amekwisha kulipia kiwanja au anakudai na hati ndiyo dhamana yake. Basi soma utangulizi kwa makini. Ukikuta "kwa kuwa nimepokea kiasi fulani kutoka kwake" na hukupokea kitu, usisaini. Hapo si uwakilishi tena, ni mauzo yaliyovikwa vazi la uwakilishi, nawe utakuwa umekiri malipo kwa saini yako. Tafuta pia maneno "kumteua mwingine badala yake". Yakiwepo, mtu usiyemjua kabisa anaweza kutumia mamlaka uliyompa kaka.

Kama nia kweli ni kufuatilia, maneno kama haya yanatosha:

"Namteua [jina kamili na namba ya kitambulisho] kuwasilisha maombi, kulipa ada, kujibu barua na kupokea hatimiliki ya kiwanja namba [...] kwa niaba yangu. Hana mamlaka ya kuuza, kuhamisha, kutoa zawadi, kuweka rehani au kupangisha kiwanja hicho, wala ya kumteua mwingine. Mamlaka haya yatakoma tarehe [...]."

Sentensi ya makatazo ina kazi yake: ofisa au mnunuzi atakayeishika hati hana pa kusema hakujua. Kama kaka ana nia njema, hati hii inamtosha kwa kazi yote. Akisisitiza kuuza kubaki, basi mzungumzie kuuza kwenyewe, na hati itaje bei ya chini na akaunti yako kuwa ndiyo pekee ya kupokelea malipo.

Siku ya kusaini, usiache nafasi wazi hata moja. Namba ya kiwanja iliyoachwa tupu inaweza kujazwa ya kiwanja kingine. Weka saini fupi kila ukurasa, maana ukurasa wa kati hubadilishwa kirahisi, kisha andika umetoa nakala halisi ngapi. Mashahidi na usajili hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo uliza ofisi ya ardhi ya kiwanja kilipo kabla ya kusaini.

Idadi ya nakala utaihitaji siku ukitaka kubatilisha. Kumwambia kaka kwa simu hakutoshi. Andika hati ya kubatilisha, mpe yeye, ipeleke ofisi ya ardhi na kila benki au mtu aliyeonyeshwa ile ya kwanza, kisha zirudishe nakala zote mkononi mwako. Aliyenunua kwa nia njema bila kujua umebatilisha mara nyingi hulindwa na sheria.