Ukeshia wa benki: barua ya mtu ambaye hajawahi kukaa dirishani

Naomba kazi ya ukeshia benki. Sijawahi kuajiriwa, ila nilikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi kwa mwaka mzima. Naruhusiwa kuandika kwamba nina uzoefu wa usimamizi wa fedha?

Usiandike hivyo. Maneno hayo ni makubwa kuliko kazi uliyofanya, na atakayekusaili ataanza hapohapo: nani alikukabidhi fedha asubuhi, ulisaini wapi, ulifunga vipi? Ukibabaika, hata yale ya kweli uliyoyaandika yataanza kutiliwa shaka.

Andika vitendo vyenyewe: "Nilipokea michango ya wanachama, nikaandika stakabadhi kwa kila mchango, na kila Ijumaa nilihesabu fedha mbele ya katibu, tukasaini wote wawili." Sentensi hiyo haidai kitu ambacho hukufanya, na mtu wa benki akiisoma anaiona kazi anayoijua. Keshia hukabidhiwa fedha za kuanzia siku kwa saini. Jioni anachukua hizo, anajumlisha alizopokea, anatoa alizolipa, na jibu lazima lilingane na noti na sarafu zilizomo kwenye droo. Wewe ulifanya hesabu hiyohiyo kwa kiwango kidogo.

Kuhusu ulichokosa, sema mara moja, katikati ya barua, bila kuomba radhi: "Sijawahi kufanya kazi benki wala kutumia mfumo wa kompyuta wa benki." Usiianze barua kwa sentensi hiyo.

Kila mwombaji anaandika kwamba anapenda hesabu na ana umakini. Mimi niandike nini ili nisifanane nao?

Chukua kosa moja la hesabu ulilowahi kulitafuta na kulipata, ulieleze kwa tarakimu. Msomaji mmoja aliniletea rasimu yenye mistari kumi ya sifa. Nilipomuuliza kama vitabu vya kikundi chake viliwahi kukataa kulingana, akanisimulia jambo ambalo lilistahili kuwa moyo wa barua nzima. Daftari lilionyesha 87,300. Fedha zilizohesabiwa zilikuwa 88,200. Ziada ya 900.

Alifanya kile ambacho watu wa vitabu hufanya kabla ya kupekua ukurasa kwa ukurasa: aliigawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, shuku kwanza kwamba tarakimu mbili zimepishana nafasi mahali fulani. Si lazima iwe hivyo, lakini panafaa kuanzia hapo. 900 inagawanyika, inatoa 100. Kwa hiyo alitafuta kwenye daftari kiasi ambacho tarakimu zake za maelfu na mamia zinatofautiana kwa moja, akaulinganisha kila mstari wa namna hiyo na kitabu cha stakabadhi. Stakabadhi moja ilisema 5,400, na daftarini palikuwa pameandikwa 4,500. Hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya kiasi kibaya ili kiendelee kusomeka, akaandika kilicho sahihi pembeni, akatia saini, na katibu naye akatia yake.

Ndani ya barua yake ikawa hivi:

"Mwezi mmoja fedha zilizidi daftari kwa 900. Kwa kuwa tofauti hiyo inagawanyika kwa 9, nilishuku tarakimu zilizopishana, nikalinganisha daftari na stakabadhi, nikakuta 5,400 imeandikwa 4,500. Nilisahihisha bila kufuta, na katibu alishuhudia kwa saini."

Ni sentensi tatu tu, na humo umo ujuzi wa namba, uaminifu na nidhamu ya vitabu, ingawa hakuna hata moja kati ya sifa hizo iliyotajwa kwa jina. Kama huna kisa cha aina hii, usikope chake. Andika jinsi ulivyokuwa ukilinganisha vitabu kwa kawaida; inatosha.

Kuna wakati fedha za kikundi zilipungua nami nikajazia kutoka mfukoni bila kumwambia mtu. Nadhani ni mfano mzuri wa uaminifu. Niuweke?

Hapana, tena huu ndio mfano unaoweza kukukosesha kazi. Najua ulifanya kwa nia njema. Lakini benki haitaki droo inayolingana kwa nguvu. Inataka droo inayosema ukweli. Upungufu ukitokea, keshia humwita msimamizi siku hiyohiyo, hesabu ikarudiwa, na tofauti ikaandikwa. Ukijazia kimyakimya, chanzo cha kosa hakitafutwi tena. Huenda mteja fulani alilipwa zaidi, au kiasi kiliingizwa vibaya kwenye akaunti ya mtu, naye kesho atakuja kulalamika huku vitabu vyako vikionyesha kwamba siku ile mambo yalikuwa shwari.

Ziada nayo ni vilevile. Kuiweka kando ili izibe pengo la wiki ijayo ni kosa, maana ina mwenyewe.

Tafuta tukio ambalo ulitoa taarifa, hata kama kiasi kilikuwa kidogo cha kuchekesha. Na ukiulizwa ana kwa ana kama uliwahi kupungukiwa, eleza lile la mfukoni kama lilivyokuwa, kisha useme leo ungelishughulikia vipi.

Alama yangu ya hisabati ni ya wastani. Niifiche?

Vyeti vitaonekana, kwa hiyo usifiche wala usijitetee. Dirishani hutaulizwa aljebra. Utajumlisha, utatoa na kuzidisha haraka huku mtu akikutazama. Jipime kwa hilo, maana baadhi ya waajiri hutoa jaribio.

Nionyesheje kwamba nashika fedha kwa uangalifu bila kujifanya mtaalamu wa noti bandia?

Taja mazoea ya mikono yako. Je, huwa unaiacha noti ya mnunuzi juu ya meza mpaka chenji imfikie, ili kusiwe na ubishi alitoa noti gani? Unahesabu mara mbili, mara ya pili mbele ya anayepokea? Unamaliza na mtu mmoja kabla ya kugusa fedha za mwingine? Unapanga noti kwa thamani na kuandika idadi ya kila aina, badala ya jumla tupu? Yaliyo kweli kwako, chagua mawili na uyaandike. Yakizidi hapo, barua inageuka orodha ya kanuni.

Noti bandia ziache, isipokuwa uliwahi kuitenga noti uliyoitilia shaka na kumwita mkubwa wako. Utambuzi wake hufundishwa kazini.

Jambo moja ambalo waombaji wengi hawalifikirii: usitaje fedha za kikundi zilikuwa zikilazwa wapi, wala nani ana ufunguo. Unadhani unaonyesha umakini, kumbe anayesoma anajiuliza utasema nini kuhusu chumba cha hazina cha benki yake.

Barua iwe ndefu kiasi gani, na nani awe mdhamini wangu?

Ukurasa mmoja. Mdhamini bora ni yule aliyesaini vitabu pamoja nawe au aliyevikagua, hata kama hana cheo. Mwombe ruhusa kwanza, na umwonyeshe ulichoandika, kwa sababu akipigiwa simu ataulizwa kuhusu kisa hichohicho. Kabla ya kutuma, soma namba ya tangazo la kazi, tarehe na namba yako ya simu tarakimu moja moja kwa sauti, mwenzako akifuatisha kwenye tangazo na kwenye simu yako. Barua ya keshia yenye namba ya simu iliyokosewa haihitaji kusailiwa.