Bei safi, bei chafu: kwa nini broka alinidai elfu thelathini na mbili za ziada

Wageni wa bondi, hili nilijifunza kwa aibu kwa hiyo sikilizeni. Mara ya kwanza kununua bondi mkononi mwa mtu, yaani si kwenye mnada wa Benki Kuu, nilipewa bei nikapiga hesabu nikaweka pesa kamili kabisa kwenye akaunti, kumbe hazitoshi. Broka akapiga simu, "pesa yako imepungua," nami nikadhani naibiwa. Hakuna wizi hapo, nilikuwa nimesoma bei safi na mwenzangu anadai bei chafu.

Tuchukue bondi ya kweli, IFB1/2024/8.5 ya serikali ya Kenya. Kuponi yake, yaani riba inayolipa, ni 18.4607% kwa mwaka na haikatwi kodi, ndiyo maana nimeichagua, kodi isituvurugie hesabu. Ilitolewa 19 Februari 2024 na inalipa kila baada ya siku 182, kwa hiyo ililipa 17 Februari 2025 na zamu iliyofuata ikawa 18 Agosti 2025. Sasa tuseme unanunua ya thamani ya shilingi 500,000, malipo ni Ijumaa 27 Juni 2025, na mmekubaliana 115 kwa kila 100 (hiyo 115 ni ya mfano wangu tu). Kichwani unasema 575,000 basi. Hiyo ndiyo bei safi.

Lakini aliyekuuzia ameshika bondi siku 130 tangu kuponi ya mwisho na hajalipwa chochote kwa siku hizo, na tarehe 18 Agosti kuponi nzima ya 46,151.75 itaingia kwako wewe, si kwake. Ni kama kununua nyumba ya kupangisha tarehe 20 wakati wapangaji wanalipa mwisho wa mwezi, mwenye nyumba atakwambia zile siku 20 ni zangu bwana, nipe changu kabisa. Kwa hiyo unamlipa sehemu yake hapo hapo:

```
=500000*18.4607%/2*(DATE(2025,6,27)-DATE(2025,2,17))/182
```

Inatoka 32,965.54. Hiyo ndiyo riba iliyolimbikizwa. Jumlisha na 575,000 unapata 607,965.54, ndiyo bei chafu, pesa inayotoka mfukoni kwako, bado komisheni.

Agosti ikifika unapokea 46,151.75 na hapa ndipo watu wanajidanganya, eti nimeweka laki sita na kitu nimepata elfu arobaini na sita kwa chini ya miezi miwili! Hapana. Elfu 32 na ushee ni pesa yako mwenyewe imerudi, ulichochuma ni 13,186.21, yaani siku zako 52. Ukishaandika hivyo kwenye daftari, hesabu ya faida haitakusumbua.

Pia usishtuke ukiona bei chafu inapanda kidogo kidogo kila siku halafu siku ya kuponi inaporomoka. Kwa bondi hii, kama bei safi imebaki 115, inapanda mpaka karibu 124.23 halafu inarudi 115. Ukichora ni meno ya msumeno. Nimeona mtu anakimbilia kuuza akidhani soko limeanguka, na kumbe kuponi iko tayari kwenye akaunti yake. Soko lenyewe unaliangalia kwenye bei safi.

Makosa mawili ya kuhesabu siku. Kwanza siku zinahesabiwa mpaka tarehe ya malipo, si siku mliyokubaliana bei. Kwenye mfano wetu kila siku ni shilingi 253.58, mkiongea Jumatano na pesa ihame Ijumaa, ukihesabu mpaka Jumatano umepungukiwa 507 na senti. Pili mwaka wa bondi hizi ni siku 364, yaani 182 mara mbili, si 365. Ukigawa kwa 365 unapata 32,875.22, tofauti ya shilingi tisini hivi. Kidogo, ndiyo, ila ukiona karatasi ya broka imepishana na yako kwa kiasi hicho hicho usianze kugombana, angalia kwanza uligawa kwa ngapi. Na ile ACCRINT ya Excel haina chaguo la 364, ndiyo maana mimi naandika fomula kwa mkono.

Siku hizi mtu akinitajia bei namrudishia swali moja tu, "hiyo ni safi au chafu, na malipo tarehe ngapi?" Akisema chafu, natoa 6.59 kwa kila 100 (kwa mfano huu) ndipo nailinganisha na bei ya mwingine. Maana 118 chafu ni nafuu kuliko 115 safi, hata kama macho yanakwambia vingine.