Mapigo yako hayakufika kwenye namba waliyotaka? Soma hapa kabla hujaanza kuaga watu

Juzi dada mmoja wa Morogoro kanitumia picha ya ripoti yake ya tredimili, kile kipimo cha moyo cha kutembea juu ya mashine, chini imeandikwa hakufikia mapigo lengwa, halafu kaniuliza swali moja tu, "dada hivi moyo wangu umechoka?" Nilimjibu kwa ufupi lakini nikaona hili niliandike kwa kirefu maana na mimi nilishapewa karatasi kama ile, na aliyenipa alinitishia betri ya moyo, kile kifaa kinachopandikizwa kifuani kuendesha mapigo, tukiwa tumesimama koridoni, watu wanapita na chupa zao za mkojo. Sijalisahau lile.

Tuanze na hiyo namba yenyewe. Wanachukua 220 wanatoa umri wako, wanayopata wanaiita mapigo ya juu kabisa unayotegemewa kufika, halafu asilimia 85 yake ndiyo lengo. Mimi nilikuwa na miaka 52, kwa hiyo 220 toa 52 ni 168, asilimia 85 yake ni 143. Basi. Hakuna aliyeupima moyo wangu mimi kama mimi akaja na 143, ni hesabu ya umri tu, na watu wawili wa umri mmoja wenye afya zao wanaweza kupishana mapigo kumi, hata ishirini, na wote wako sawa. Kwa hiyo ukikosa lengo kwa mapigo matatu manne usije ukalia.

Ila lengo lina kazi yake na wengi hawaelezwi. Kipimo hiki kinatafuta kama mishipa inayopeleka damu kwenye nyama ya moyo imeziba kiasi, na mshipa uliopungua njia unaweza kuwa kimya kabisa ukiwa umekaa, mpaka moyo udaiwe damu nyingi ndio mchoro wa umeme unabadilika au kifua kinabana. Moyo wako ukiishia 120 haujadaiwa vya kutosha. Ndio maana ripoti ya mtu ambaye hakufika, hata kama mchoro wake ni msafi, mara nyingi wanaandika kwamba kipimo hakikutoa jibu. Hiyo sio "uko salama" na sio "una ugonjwa". Ni kwamba swali halijajibiwa. Na upande wa pili pia, kufika 143 sio kengele ya kushuka, kama hujachoka na hakuna hatari yoyote unatakiwa uendelee mpaka ushindwe, wapo wanaozima mashine namba ikitokea tu ili waite mwingine.

Sasa yangu. Wamenibandika vile vibandiko vya nyaya kifuani, presha mkononi, nikapanda. Utaratibu wao ulikuwa ule wa Bruce, unaotumika karibu kila mahali, kila dakika tatu mashine inaongeza mwendo na mwinuko kwa pamoja. Dakika tatu za kwanza ni kilomita 2.7 kwa saa, unaweza kucheka, lakini mwinuko ni asilimia 10 tayari. Zinazofuata ni kilomita 4 na mwinuko 12. Ya tatu ni kama 5.5 kwa mwinuko wa 14, na hapo mtu aliyezoea barabara za Dar zilizonyooka mashavu ya miguu yanawaka moto kabla pumzi haijakata. Mimi najogi kila Jumapili asubuhi na nilifika pale najiamini, nikashuka mwanzoni tu mwa hiyo hatua ya tatu, miguu imegoma, mapigo 126. Muda wote nilikuwa nimeling'ang'ania lile bomba la mbele kwa mikono miwili na hakuna aliyeniambia niachie.

Hili bomba ni kitu kikubwa kuliko linavyoonekana. Ukiliegemea unabebwa, sehemu ya uzito wako haiko tena miguuni, mashine inaonyesha mwendo uleule lakini mwili unafanya kazi pungufu na moyo hauna sababu ya kupanda. Kugusa kwa vidole ili usiyumbe ni sawa. Kuning'inia hapana.

Ripoti ikasema moyo unashindwa kupandisha mapigo. Kuna hesabu nyingine wanayopenda wataalamu na ni ya haki zaidi kwa sababu inaangalia umeanzia wapi. Nilipokuwa nimepumzika nilikuwa na 64. Kutoka 64 hadi 168 nilikuwa na nafasi ya kupanda 104, mimi nikapanda 62, yaani kama asilimia 60. Wanategemea angalau 80. Kwa mtu anayetumia zile dawa za kushusha mapigo, beta bloka, kiwango hicho kinashushwa hadi asilimia 62, na ushikilie hapo maana ndipo stori yangu inapogeuka.

Fomu yao ilikuwa na swali moja la dawa: unameza vidonge gani. Simezi. Nikaandika hakuna, na ni kweli.

Nikaenda kwa daktari mwingine wa moyo, mama mmoja mtu mzima hana haraka, hakuigusa hata ripoti kwanza. Akaniuliza, "Mama, kuna dawa yoyote unapaka, unavuta au unadondoshea?" Nikamwambia nina presha ya macho, nadondoshea matone asubuhi na jioni. Akasema nitoe kichupa. Nikakitoa kwenye pochi, akakigeuza kwenye mwanga akasoma, akakiweka mezani kati yetu. Timololi. Akasema hii ni beta bloka mama, ndugu yake atenololi, tofauti yake imepitia jichoni.

Aisee nilibaki namwangalia. Akanieleza hivi: tone likizidi jichoni linashuka kwenye kile kitundu cha kona ya ndani karibu na pua, ndio maana wengine wanasikia ladha chungu kooni wakidondoshea, na kule puani linaingia kwenye damu moja kwa moja bila kupita kwanza kwenye ini kama kidonge kinavyopita. Kwa wengi athari ni ndogo, kwa baadhi inashusha mapigo wazi kabisa hasa wakati wa mazoezi, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua. Akanionyesha kubonyeza ile kona kwa kidole, jicho limefumbwa, dakika mbili hivi baada ya tone, dawa ibaki inapotakiwa. Miaka yote nadondoshea hakuna aliyewahi kunionyesha hicho.

Hakuniambia niache. Hili nalirudia kwa sababu najua kuna mtu anasoma na kichupa mkononi. Presha ya macho ikiachwa inakula uoni na ulioliwa haurudi, kwa hiyo alimwandikia daktari wangu wa macho, ndiye akanibadilishia kwenda latanoprosti ambayo sio beta bloka, tukasubiri wiki kadhaa, nikarudi kwenye tredimili. Safari hii walitumia Bruce ile iliyolegezwa, inaanza bila mwinuko kabisa, halafu unapanda taratibu, na mtu wa mashine akawa ananikumbusha achia bomba, achia mama. Nilishuka nimelowa, naweza kusema maneno mawili tu kwa pumzi moja. Mapigo 149 kutoka 66 ya kupumzika, nafasi 102 nikapanda 83, asilimia 81. Dakika moja baada ya kilele, bado natembea polepole, yalikuwa yameshuka hadi 127. Kushuka huko nako wanakuangalia, mapigo yakishuka 12 au pungufu ndani ya dakika hiyo ya kwanza ni dalili mbaya, mimi yalishuka 22. Mchoro ulikuwa safi, na sasa usafi wake ulikuwa na maana.

Ukiniuliza ngapi ilikuwa ya matone, ngapi ya bomba na ngapi ya miguu, daktari mwenyewe alisema haiwezi kugawanyika maana vyote vilibadilishwa pamoja. Mimi nilitaka alaumiwe yule wa koridoni, basi.

Kwa hiyo dada yangu na wengine mliopewa karatasi kama hiyo, swali la kwanza sio moyo una nini, ni ulishuka kwa sababu gani. Kama ulishuka kwa goti, kwa mashavu ya miguu, kwa viatu, kwa woga, na ulikuwa bado unaweza kupiga stori, basi hukuchoka na kipimo hakijafika mwisho. Asiyeweza kutembea wapo wanaompandishia mapigo kwa dripu ya dobutamini huku wanaangalia moyo kwa ultrasaundi, uliza kuhusu hiyo. Swali la pili ni dawa, na hapa nasema beba kila kitu kwenye mfuko, vidonge, matone, vya kuvuta, vyote viweke mezani. Atenololi, bisoprololi, kavedilolo, propranololi ambayo wengine wanapewa kwa kipandauso au kutetemeka mikono, zote zinashika mapigo, na verapamili na diltiazemu nazo japo sio za ukoo huo. Usiache mwenyewe siku moja kabla ya kipimo eti ufaulu, beta bloka ikikatwa ghafla moyo unaweza kurudi kwa kishindo, hata maumivu makali ya kifua. Daktari ndiye anasema uache lini, na wakati mwingine anataka upimwe ukiwa nayo makusudi aone kama inakulinda.

Ukishaondoa hayo na mtu amechoka kweli, anahema, jasho linatiririka na mapigo bado yako chini, hapo usilale na hiyo karatasi kabatini. Inaweza kuwa kile kituo kidogo cha umeme juu kwenye chumba cha kulia cha moyo kimechakaa, inaweza kuwa mishipa ya moyo imeziba, inaweza kuwa moyo wenyewe umedhoofika, au tezi ya thairoidi imelala, na hii ya mwisho inaonekana kwenye damu tu. Mapigo yasiyopanda bila sababu yameonekana kwenda pamoja na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo huko mbele, kwa hiyo inafuatiliwa hata kama mchoro ni msafi. Na kama presha ilishuka badala ya kupanda wakati unatembea, au kifua kilibana, au ulitaka kuzimia, huyo aende wiki hiihii.

Na hiyo betri ya moyo, anayefikiriwa ni yule ambaye dawa zimeshaangaliwa, chanzo kingine hakijaonekana, mapigo yake hayapandi na yanamkwamisha maisha, ngazi moja anasimama kupumua. Yake inakuwa ya aina inayohisi mwili unavyotembea na kuongeza mapigo yenyewe. Mimi koridoni pale hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kimeulizwa.