Kisigino, kidole na tuta la Kigamboni: nilivyojifunza kushusha gia bila kurusha abiria

Masika moja nilikuwa natoka Kibada na Altezza langu, ile RS200 ya gia sita. Mvua ilikuwa imekatika punde, lami bado inang'aa. Nikaikaribia kona nikiwa gia ya tatu, mwendo 60. Nikakanyaga klachi, nikavuta gia ya pili, nikaiachia klachi kwa haraka kama nilivyozoea. Mkia ukachomoka. Sikuwa nimegusa hendibreki wala sikuwa nakimbia, lakini kwa sekunde moja hivi nilijikuta naangalia mnazi wa pembeni kupitia kioo cha mlango.

Gari lilijirudi lenyewe, mimi nikabaki natetemeka. Kilichotokea kilinichukua muda kukielewa. Ukikanyaga klachi, injini inaachana na magurudumu na mizunguko yake inaanza kushuka. Hadi naiachia ile klachi, mshale wa geji ya mizunguko ulikuwa umeshafika karibu 1,000. Sasa kwa gari langu, gia ya pili katika mwendo wa 60 inaitaka injini izunguke karibu mara 4,500 kwa dakika. Lazima kitu fulani kiipandishe injini kutoka 1,000 hadi 4,500, na kama mguu wako haukufanya hivyo kwa mafuta, kazi hiyo inafanywa na magurudumu kupitia klachi. Pakiwa pakavu, unasikia gari linainama mbele na klachi pleti inalika kidogo. Pakiwa na maji, tairi haina mshiko wa kutosha kuizungusha injini, kwa hiyo inaburuzika. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ni sawasawa na mtu kukuvutia hendibreki katikati ya kona.

Dawa yake ni kudokoa mafuta kabla ya kuachia klachi, ili injini iwe imeshafika pale gia mpya inapotaka. Swali ni udokoe kiasi gani. Hapo ndipo wengi tunapotea, kwa sababu tunatafuta namba moja ya kukariri.

Usitafute namba, lipime gari lako. Tafuta barabara iliyonyooka na tupu (mimi hutumia asubuhi ya Jumapili ng'ambo ya Kigamboni, kabla bodaboda hazijaamka), endesha 40 kwa gia ya tatu, soma geji ya mizunguko. Kisha 40 hiyohiyo kwa gia ya pili, soma tena. Rudia kwa 60. Langu linasoma karibu 2,100 na 3,000 kwa mwendo wa 40. Kwa 60 ni 3,100 na 4,500. Ukiangalia utaona pengo halilingani: kwa 40 ni kama 900, kwa 60 ni kama 1,400. Kisichobadilika ni uwiano. Gia ya pili ya giaboksi hii ni 2.175 na ya tatu ni 1.484, gawanya, unapata karibu 1.47. Kwa hiyo chochote mshale unachosoma kwenye tatu, pili itataka kile pamoja na nusu yake, kasoro kidogo. Kutoka nne kwenda tatu uwiano ni 1.21 tu, yaani kwa mwendo wa 50 unahitaji kuongeza mizunguko kama 450. Ndiyo maana nakushauri uanze kujifunza na nne kwenda tatu. Hata ukikosea, kosa ni dogo.

Anza bila breki kabisa. Klachi chini, gia ya tatu, dokoa mafuta kwa mguu wa kulia, achia klachi. Halafu usisikilize shingo yako tu, angalia mshale pale klachi inaposhika. Ukiruka juu, ulidokoa kidogo, na utasikia gari linajizuia. Ukianguka, ulizidisha, na utasikia gari linakusukuma mbele. Ukibaki palepale, umepatia. Huo mshale ulinifundisha kuliko maelezo ya mtu yeyote, kwa sababu unakuambia umekosea upande gani.

Niliwahi kumsimulia haya mjomba wangu, aliyeendesha malori ya mizigo ya zamani kwenda Tunduma, nikajisifu kwamba sasa natunza giaboksi. Akacheka. "Klachi yako unaikanyaga mara ngapi, mjomba?" Nikamwambia mara moja. "Basi unatunza klachi. Giaboksi haijakuona bado."

Ana haki, na jambo hili nimelisikia likielezwa vibaya hata kwenye gereji. Ukiwa umekanyaga klachi, resi unayopiga inazungusha injini na flaiwili peke yake. Klachi pleti na shafti ya kuingilia giaboksi ziko upande wa pili, hazijui lolote. Kuzilinganisha hizo na gia mpya ni kazi ya sinkronaiza, iwe umedokoa mafuta au hukudokoa. Ili resi iifikie shafti inabidi ukanyage klachi, uweke frii, uachie klachi, upige resi, ukanyage tena, ndipo uingize gia. Malori yake yalikuwa na giaboksi isiyo na sinkronaiza, asingefanya hivyo gia isingeingia kabisa. Kwenye gari dogo la leo huhitaji, labda kama sinkronaiza ya pili imechoka na gia inakoroma kila ukiingiza. Mimi nadokoa kwa ajili ya klachi, tairi na abiria.

Sasa breki. Shida nzima ya kisigino na kidole, yaani kufunga breki na kudokoa mafuta kwa mguu mmoja, ni kwamba pedeli ni tatu na miguu ni miwili. Unapofunga breki mguu wa kulia uko kazini, na ndipo hasa unapohitaji kushusha gia. Jina linapotosha kidogo: watu wachache wanatumia kisigino kwelikweli. Kwenye Altezza mimi naweka nyama ya chini ya kidole gumba juu ya breki, upande wa kulia wa pedeli, halafu nabingirisha ubavu wa nje wa mguu kugusa mafuta. Kwenye gari ambalo pedeli hizo mbili ziko mbalimbali ndipo unapogeuza mguu ukatumia kisigino.

Angalia kimo cha pedeli pia. Breki ikiwa haijakanyagwa inakaa juu kuliko mafuta, na inashuka usawa wake pale tu unapoibana kweli. Kwa hiyo jambo hili ni rahisi ukifunga breki ya nguvu na ni gumu ukifunga ya upole, kinyume cha mtu anavyotarajia. Kandambili hazifai, viatu vya soli nene havifai. Na yale mazulia ya mpira yanayouzwa kwenye foleni toa kwanza, langu liliwahi kukunjamana chini ya pedeli ya mafuta.

Uwanja wangu wa mazoezi ulikuwa tuta moja Kigamboni, lenye sehemu ndefu iliyonyooka kabla yake. Nakuja na 60 kwa gia ya tatu, nabana breki, nashusha pili, navuka taratibu. Wiki mbili nzima gari lilikuwa linaruka mbele kuelekea tuta kila nikiachia klachi, na sikuelewa kwa nini, maana hesabu zangu nilizijua: 60, pili, 4,500. Nikawa napiga resi hadi 4,500 kwa uaminifu kabisa.

Kosa ni kwamba breki ilikuwa inafanya kazi yake. Kufikia muda wa kuachia klachi sikuwa tena kwenye 60, nilikuwa kwenye 35, na kwa 35 pili inataka karibu 2,650 tu. Nilikuwa nalinganisha injini na mwendo uliokwisha kupita. Tangu hapo utaratibu wangu ni huu: breki kwanza, mwendo upungue, na gia isubiri hadi karibu na mwisho. Klachi chini, gia ya pili, dokoa kidogo tu, achia klachi, na wakati wote huo kidole gumba hakijaondoka wala kuongeza nguvu kwenye breki.

Hilo la mwisho ndilo lililonitesa zaidi. Ukibingirisha mguu, ni rahisi sana kidole kikandamize breki bila kukusudia, na gari linapiga kichwa chini. Niliweka chupa ya maji nusu, bila kifuniko, kwenye kishikio cha vikombe. Viatu vya abiria wa kiti cha mbele vimelowa mara nyingi. Siku niliyojua nimeelewa ni pale mama alipokuwa kiti cha nyuma akisinzia kutoka Kimbiji, tukavuka matuta kama sita, hakufumbua jicho.

Jamaa yangu mmoja ana Fairlady Z, ile Z34 iliyotoka Japani ikiwa na kitufe kilichoandikwa S-MODE karibu na gia. Nissan ndio waliotangulia kuweka kitu hiki kwenye gari la kuuzwa kwa watu, na gari lao lilikuwa hilo. Ukibonyeza, gari linajipigia resi lenyewe. Nililiendesha asubuhi moja, na kwenye tuta langu lilifanya kwa mara ya kwanza kile kilichonichukua miezi.

Linavyofanya kazi si uchawi. Kuna sensa inayojua mkono wako unapeleka gia wapi, nyingine inajua klachi imekanyagwa, na mwendo wa gari unajulikana. Kompyuta inazidisha kwa uwiano, inafungua mafuta. Kilichonivutia ni kwamba niliposhikilia klachi chini huku nikiendelea kufunga breki, resi haikubaki juu. Ilikuwa inateremka pamoja na mwendo. Kosa langu la wiki mbili halina nafasi mle.

Lakini inaitii gia uliyoichagua, haiulizi kama ulikusudia. Ukiwa mwendo mkubwa ukakosea ukapeleka pili badala ya nne, haiwezi kukuzuia kuachia klachi, na injini itazungushwa kupita kiwango chake na magurudumu. Na ukifunga breki kwa mguu uleule hujifunzi chochote kuhusu pedeli ya mafuta, kwa sababu huigusi.

Kwa hiyo nikimjibu anayeniuliza kama atafute gari lenye mtambo huo: kwa foleni ya Ubungo huhitaji chochote kati ya hivi viwili, mwendo wenyewe haufiki 20. Kwa safari za mvua na milima mtambo ni mzuri kuliko mguu wa dereva aliyechoka. Kwa gari la zamani kama langu huna uchaguzi, ni mguu.

Mwezi uliopita yule jamaa alizima S-MODE makusudi, akaniomba nikae pembeni. "Kaka, niambie nakosea wapi." Tulipofika kwenye tuta nikamwonyesha mshale. Ulikuwa unaanguka kila mara, kama wangu wa zamani. Chupa ya maji nilikuwa nimekuja nayo.