Pia zimezidi, na fauka ya hayo haitakuokoa

*Swali: Shikamoo, mwalimu. Niko kidato cha nne. Kila insha ninayorudishiwa imeandikwa "pia zimezidi". Nikaanza kutumia aidha, fauka ya hayo, isitoshe, minghairi ya hayo, kila aya na chake. Alama hazikupanda, na safari hii nimeandikiwa "unalazimisha". Je, kuna orodha kamili ya viunganishi ninayoweza kukariri kabla ya KCSE?*

Marahaba. Orodha zipo tele, na ndizo zilizokufikisha hapo ulipo, kwa hivyo sitakuongezea nyingine. Ukiondoa "pia" ukaweka "fauka ya hayo", umebadilisha neno tu. Mtahini aliyechoshwa na pia sita hapumziki akikutana na maneno sita tofauti ambayo yote yanamwambia kitu kimoja: na hili nalo, na hili nalo, na hili nalo.

Tazama aya hii kuhusu uchafuzi wa mazingira. Za namna hii husahihishwa kila muhula:

"Aidha, watu hutupa taka ovyo mjini. Fauka ya hayo, mitaro ya maji huziba. Isitoshe, mvua inaponyesha maji hufurika hadi nyumbani. Mbali na hayo, wakazi huugua kipindupindu."

Sarufi haina kosa, na hakuna kiunganishi kilichorudiwa. Hata hivyo aya imekufa, kwa sababu viunganishi vyote vinne ni vya nyongeza ilhali mambo yenyewe hayaongezani. Taka ndizo zinazoziba mitaro, mitaro iliyoziba ndiyo inayoleta mafuriko, na mafuriko ndiyo yanayosababisha ugonjwa. Mwandishi alikuwa na hoja moja nzito, akaikata vipande vinne vyepesi, kisha akavipanga sako kwa bako kama vile kipindupindu hakihusiani na mtaro. Kinachomsumbua anayekusahihishia ni huo uhusiano uliopotea. "Pia" ni dalili yake tu.

Sasa soma mambo yale yale yakiwa yameunganishwa:

"Taka zinazotupwa ovyo mjini huishia kwenye mitaro zikaiziba. Mvua inaponyesha, maji hukosa njia, yakafurika hadi nyumbani yakiwa yamebeba uchafu wa vyoo. Visima vilivyo karibu huingiwa na maji hayo, na ndiyo yanayowaletea wakazi kipindupindu."

Hakuna aidha wala fauka, lakini hakuna sentensi inayoelea peke yake. Kazi ya kuunganisha imefanywa ndani ya vitenzi na kwa viashiria. Katika "zikaiziba", -ka- inaonyesha kuwa tendo hili limetokana na lile lililotangulia, zi- inarudi kwenye taka, na -i- inarudi kwenye mitaro. Neno moja limebeba kiungo cha sentensi nzima. "Inaponyesha" inaeleza wakati. "Yakiwa" inaonyesha hali ya maji yanapofurika. "Hayo" yanakusanya yote yaliyosemwa kuhusu maji, nawe huhitaji kuyataja upya. "Ndiyo" inanyoosha kidole kwenye chanzo cha ugonjwa. Unavitumia viungo hivi kila siku ukimsimulia mwenzako jambo, tena bila kufikiria, ila ukishika kalamu ya mtihani unaviacha na kukimbilia orodha.

Kwa hivyo mazoezi yako yawe haya. Chukua insha moja uliyorudishiwa. Pigia mstari kila kiunganishi kinachoanzisha sentensi au aya. Kifunike kwa kidole, kisha soma sentensi hiyo pamoja na iliyoitangulia. Kama maana haikubadilika hata kidogo, kiunganishi hicho hakikuwa na kazi, kifute. Kama maana imeyumba, jiulize sentensi hizi mbili zinahusiana vipi: ya pili ni matokeo ya ya kwanza, ni sababu yake, inaipinga, inaifafanua, au kweli ni jambo jingine la kuongezea? Andika jibu pembeni kwa neno moja. Wanafunzi wengi wanaofanya hivi hugundua kuwa sehemu kubwa ya "nyongeza" zao zilikuwa sababu na matokeo.

Yale matokeo yape "ndiyo maana", "kwa hivyo", au -ka- kama nilivyoonyesha. Sababu ipe "kwa kuwa", "kwani" au "maadamu". Upinzani upe "ilhali", "hata hivyo", "ingawa". Ufafanuzi mara nyingi hauhitaji neno lolote, kituo kinatosha. Zitakazobaki kuwa nyongeza za kweli ni chache, na hapo "pia" ni neno zuri kabisa. Usilipeleke tu mwanzoni mwa sentensi kila mara. "Pia, wafanyabiashara hupata hasara" na "Wafanyabiashara pia hupata hasara" zina maana moja, lakini ya pili haipigi kelele. Na kabla ya kulitumia, jaribu kiambata cha *na*: "Wafanyabiashara nao hawasazwi." "Shule nazo hufungwa." Nao, nazo, naye, nayo hufanya kazi ya pia bila msomaji kuona mshono, na kwa kuwa umbo lake hubadilika kulingana na ngeli, hata ukilitumia mara tatu halichoshi. Hakikisha tu upatanisho ni sahihi. "Shule nayo" na "shule nazo" si kitu kimoja.

Kuhusu mwanzo wa aya, hapo ndipo ulipoandikiwa kuwa unalazimisha. Aya haihitaji kiunganishi ili ianze. Inahitaji kushika kitu kilichoachwa na aya iliyopita. Aya yetu imeishia kwenye kipindupindu, kama hoja inayofuata ni ya uchumi, anza: "Matibabu ya ugonjwa huu humaliza akiba ya familia." Neno "ugonjwa huu" ndilo daraja. Kama hoja mbili kweli hazigusani, sema hivyo waziwazi: "Athari nyingine ni ya kiuchumi." Ni sentensi ya kawaida, na hakuna mtahini atakayeikwaruza.

Sasa nije kwenye hizo orodha zenyewe, maana zinawaumiza wengi. Huuzwa katika vijitabu vya "msamiati wa kumvutia mtahini" na kusambazwa kwenye simu, viunganishi hamsini kwa mpigo, vyote chini ya kichwa kimoja kana kwamba kimoja kinaweza kukaa mahali pa kingine. Haviwezi. Hiyo "minghairi ya hayo" uliyoitumia maana yake ni bila hayo, pasipo hayo. Ukiandika "Vijana hupotoshwa mitandaoni. Minghairi ya hayo, huacha masomo", umesema wanaacha masomo bila kupotoshwa, yaani umeivunja hoja yako kwa mkono wako. Jirani yake katika orodha hizo, "mintarafu ya", maana yake ni kuhusu, nayo nimeiona ikitumika kuongezea hoja, ikianza aya kwa fahari zote na haina inachokihusu.

"Bali" hutaka kanusho liitangulie: "Hakuja kusoma bali kucheza." Bila kanusho, tumia lakini. "Hatimaye" ni ya jambo lililofikiwa baada ya mchakato au kusubiri, kama "hatimaye mvua ikanyesha". Haifai kuanzisha hoja yako ya tano eti kwa sababu ni ya mwisho. "Isitoshe" humwandaa msomaji kwa jambo zito zaidi ya lililotangulia, kwa hivyo ukiiweka mbele ya hoja nyepesi anahisi amedanganywa. "Licha ya" siku hizi hubeba maana mbili, mbali na na ingawa, nayo ni sababu tosha ya kuitumia pale tu ambapo sentensi nzima haiachi shaka. Kisha kuna tahajia. Anayekariri neno bila kulisoma likitumika huandika "fahuka", "isistoshe", "hatimae", na hapo kiunganishi alichokileta kimpambe kinampunguzia alama za hijai.

Kosa jingine la orodha ni kutojali aina ya insha. "Fauka ya hayo" inaweza kuvumilika katika hotuba au ripoti. Katika swali la methali au la kukamilishia mdokezo, ambapo unasimulia kisa, inaua masimulizi papo hapo. "Mwizi aliruka ua. Fauka ya hayo, alianguka." Msimulizi yeyote wa Kiswahili angesema "Mwizi akaruka ua, akaanguka", labda na "mara" au "kufumba na kufumbua" pale tukio linapogeuka ghafla. Kwenye kisa, -ka- ndiyo injini. Iache ifanye kazi.

Katika Karatasi ya Kwanza una saa moja na dakika 45 kwa insha mbili, kila moja isipungue maneno 400. Tenga dakika tano za mwanzo katika kila insha kuandika hoja zako kwa ufupi, na kati ya hoja na hoja chora mshale wenye neno: matokeo, sababu, kinyume, nyingine. Mishale hiyo itakuonyesha mapema ni wapi unahitaji kiunganishi na ni kipi. Ukikuta mishale yote imeandikwa "nyingine", usianze kuandika bado. Panga hoja upya mpaka angalau mbili zizaane. Kwa insha ya urefu huo, viunganishi vya nyongeza viwili au vitatu vinatosha kabisa, na hakuna atakayekuuliza mbona fauka haionekani.

Nawaomba pia walimu na wazazi wanaowanunulia watoto vijitabu hivi wajaribu jambo moja kabla ya kulipa. Fungua ukurasa wa viunganishi, chagua vitatu, na utafute kama kila kimoja kimewekwa ndani ya sentensi mbili kamili, ile inayotangulia na ile inayofuata. Kiunganishi hakina maana kikiwa peke yake, kwa kuwa kazi yake iko kati ya sentensi na sentensi. Kijitabu kinachokiorodhesha kama jina la tunda hakiwezi kumfundisha mtoto kukitumia, hata kiwe na maneno mia. Sampuli za aya za kukariri, zile zinazoanza kwa "Ama kwa hakika, wahenga hawakukosea waliponena", ni za ukoo huohuo. Mtahini anayesahihisha karatasi za shule moja hukutana na aya hiyo hiyo kutoka kwa watahiniwa wengi, na anajua vizuri haikuandikwa na yeyote kati yao.

Wewe muda unao. Wiki hii chukua insha zako tatu za mwisho, fanya zoezi la kidole kwa zote, kisha andika upya aya moja tu kutoka kila insha. Mpelekee mwalimu wako aya ya zamani na mpya kwenye karatasi moja, umwombe akuonyeshe ni wapi bado sentensi zako zimekaa bila kushikana.