Mistari ya kamera usiku

"Nikiwasha taa, kamera ya kompyuta inaonyesha mistari myeusi inayopanda. Mchana haipo. Imeharibika?"

Kamera ni nzima, ndugu yangu. Umeme wetu Tanzania ni hezi 50, hivyo taa hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kamera yako huenda imewekwa 60. Kwenye Linux andika:

```
v4l2-ctl -c power_line_frequency=1
```

Hiyo 1 ndiyo hezi 50. Mistari ikibaki, zima urekebishaji wa mwanga wa otomatiki kwenye kamera kisha weka shata ya sekunde 1/50 au 1/100, ili kila picha ikusanye mapigo kamili ya taa. Ukiweka 1/60 mistari itaendelea kutambaa. Bado ipo? Jaribu balbu nyingine. Baadhi ya taa za LED zenye dima hupepesa kwa kasi yake zenyewe.